Kumtafuta Kaa Uani kwa Bibi, Ngamiani

Maelezo karibu yote ya kutazama nyota huanza na sharti moja: toka mjini. Nenda shambani, nenda ufukweni kusiko na taa, kaa huko mpaka usiku uwe mkubwa. Sharti lenyewe ni la kweli, sina ugomvi nalo. Ila mimi ni binti wa miaka ishirini na miwili, kwetu ni Ngamiani, Tanga, na nyumbani hakuna mtu atakayeniruhusu nipande bodaboda saa nne usiku kwenda Pongwe eti nikaangalie nyota. Na hata wakiniruhusu, mwenyewe siendi. Wanafunzi nitakaowafundisha fizikia baada ya kumaliza hapa chuoni watakuwa hivyo hivyo. Wengi wao watakuwa wanakaa kwenye mitaa yenye taa, na wasichana watatakiwa wawe ndani magharibi ikiingia. Kidato cha nne tulisoma mada ya astronomia, tukachora makundinyota kwenye daftari, tukajibu mtihani. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyesema ameliona kundi lolote kwa macho yake, ukiacha Kilimia ambacho tulishaonyeshwa na bibi zetu.

Kwa hiyo likizo ya kati ya semista, mwezi wa tatu, nilijiwekea swali dogo. Je, mtu anaweza kuliona kundinyota hafifu kutoka uani kwenye nyumba ya Ngamiani, bila darubini, bila kutoka getini? Nikachagua kundi moja tu, lile ambalo watazamaji wa mjini hulitaja kama mfano wa kitu kisichoonekana: Kaa, ambalo watu wa falaki wa pwani huliita Saratani.

Kwanza tuelewane kuhusu uhafifu. Mwangaza wa nyota hupimwa kwa namba, na namba ikizidi kuwa kubwa ndo nyota inazidi kufifia. Kila hatua moja ni kama mara mbili na nusu. Kwenye giza la kweli la shamba, jicho zima huishia kwenye 6 hivi. Uani kwa bibi, baada ya kujaribu usiku mwingi, naona jicho langu linaishia kwenye 4, na siku nzuri linapita kidogo tu. Sasa nyota tano zinazomchora Kaa zina namba hizi: Tarfu 3.5, Punda wa Kusini 3.9, nyota ya mguuni 4.0, Akubensi 4.3 na Punda wa Kaskazini 4.7. Yaani kundi zima limekaa juu ya ule mstari unaotenganisha kinachoonekana na kisichoonekana mjini. Ndo maana nikalichagua. Ukikosea kitu kimoja, humwoni kabisa. Ukipatia, unapata nyota mbili, tatu, na pengine nne.

Jambo la kwanza nililolifanyia kazi ni taa, na hapa kuna tofauti ambayo watu wengi hawaitengi. Kuna taa inayokupiga machoni moja kwa moja, kama ile ya barabarani inayochungulia juu ya paa la jirani, au balbu ya mlinzi kwenye duka la kona. Halafu kuna mng'ao wa angani wenyewe, ile rangi ya kijivu inayotokana na taa zote za mji kwa pamoja kugonga vumbi na unyevu wa hewa na kurudi chini. Huo mng'ao wa angani huna la kuufanya, uko mbele ya nyota kama pazia jembamba. Lakini taa ya moja kwa moja ni yako, unaweza kuizuia, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayoharibu zaidi. Inafanya mboni ya jicho ibane, na mwanga wake husambaa ndani ya jicho lenyewe, ukauongezea ukungu ule wa angani.

Kuizuia ni rahisi. Nilizima balbu ya uani na ya jikoni, nikamwomba bibi afunge pazia la dirisha lake. Kisha nikatafuta mahali ambapo ukuta unanificha na taa ya barabarani. Kipimo chake ni kivuli: ukisimama na kivuli chako hakionekani ardhini, basi taa haikufikii. Uani kwetu mahali hapo ni pembeni mwa tangi la maji, mapana ya mkeka mmoja tu. Balbu ya jirani ilibaki, hiyo nisingeweza kwenda kumwambia azime kila usiku. Nikajifunika kanga kichwani, nikaivuta mbele mpaka iwe kama handaki, uso uko ndani na mbele kunabaki uwazi wa anga peke yake. Kanga ya rangi nzito inafaa zaidi, au kunja mbili mbili. Kama huna kanga, kunja karatasi ya manila iwe bomba la urefu wa rula ya shule, sentimita 30, na tundu la sentimita 5. Ukichungulia kwa bomba hilo unaona duara la anga lenye upana wa ngumi moja ukinyoosha mkono, na taa zote za pembeni zimekatika. Bomba halilifanyi anga kuwa jeusi zaidi, tusidanganyane. Linakuondolea kero ya pembeni tu. Ila kero hiyo ikiondoka, nyota iliyokuwa haipo inatokea.

Jambo la pili ni muda wa jicho. Ukitoka ndani kwenye mwanga, mboni hufunguka upesi, lakini seli za nyuma ya jicho zinazofanya kazi gizani huchukua dakika 20 hadi 30 kuamka vizuri. Mjini haziamki zote kwa sababu anga lenyewe lina mwanga, ila kusubiri bado kunalipa. Mimi nilijipa dakika 20 chini ya kanga kabla ya kutafuta chochote. Adui mkubwa hapo ni simu. Kuitazama sekunde mbili kunakurudisha mwanzo. Kama unatumia Stellarium au ramani nyingine, itazame ukiwa ndani, ukariri, kisha uiache chumbani. Nasema hivi kwa kuwa najua tulivyo: mtu anatoka nje, anatazama simu, anatazama juu, anatazama simu, halafu anasema "mbona sioni kitu."

La tatu ni kuchagua usiku. Kaa hukaa kwenye njia ileile anayopita mwezi, kwa hiyo kila mwezi kuna siku mwezi unapita karibu naye au katikati yake, na siku hizo usihangaike. Nyumbani kalenda ya Kiislamu ipo ukutani, nikaitumia hiyo hiyo: kuanzia mwezi ishirini mpaka mwezi tatu, saa tatu na saa nne za usiku zinakuwa hazina mwezi, ama kwa sababu haujachomoza au kwa sababu umeshazama. Ukichelewa ukafika mwezi kumi au kumi na moja, ndani ya mwezi wa tatu, unakuta uko jirani kabisa na mahali pa Kaa.

Saa nayo ina maana yake. Nyota ikiwa chini karibu na mapaa, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi, na hewa ya pwani ina unyevu, chumvi na moshi wa majiko. Ikiwa juu, njia ni fupi. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na Kaa yuko kaskazini mwa mstari wa ikweta ya anga kwa nyuzi 18 hivi, kwa hiyo anapofika kilele chake anakuwa nyuzi 67 juu ya upeo wa kaskazini. Hapo ni juu sana, karibu na utosi. Hilo ni jambo zuri kwetu, kwa sababu kaskazini mwa Ngamiani, ng'ambo ya reli, ndiko kuliko mjini kwenyewe na bandari, na mng'ao wa huko unakaa chini. Kaa anapita juu yake. Kilele hicho hufika saa nne na nusu usiku mwanzoni mwa mwezi wa tatu, na kila siku kinawahi kwa dakika 4, hivyo ikifika tarehe 21 ni saa tatu na dakika kumi. Wenzangu wa Dar es Salaam, hesabu yenu ni karibu ileile, mtampata chini kwa nyuzi mbili tu.

Halafu hali ya hewa. Mwezi wa tatu kaskazi inalegea na masika yanabisha hodi. Usiku wa joto lenye ukungu wa unyevu, acha. Usiku uliofuata mvua ya mchana, mawingu yakishasambaa, toka upesi, kwa sababu mvua inakuwa imeosha hewa na mng'ao unapungua waziwazi.

Sasa niwapeleke hatua kwa hatua kwenye usiku mmoja wa wiki ya pili ya mwezi wa tatu, saa nne kasoro kidogo, mwezi bado haujachomoza.

Nililala chali kwenye mkeka, miguu imeelekea kaskazini. Kulala si uvivu. Ukisimama na kupinda shingo kwa nyuzi 67, baada ya dakika tano shingo inauma na unaanza kuharakisha. Ukilala miguu kaskazini, magharibi inakuwa kushoto kwako na mashariki kulia.

Kabla ya kumtafuta Kaa nilitafuta fremu yake, kwa sababu kitu hafifu hutafutwa kwa vitu angavu vinavyokizunguka. Fremu hiyo ina nyota tatu. Kushoto kuna Polaksi, ambayo pacha wake Kastori yuko chini yake kidogo kuelekea kushoto, umbali wa vidole vitatu vya kati ukinyoosha mkono. Umbali huo ndiyo hakikisho lako kwamba umewapata Mapacha wenyewe. Kulia kuna Regulasi, ambayo Waarabu waliiita moyo wa simba. Kwake hapo umening'inia mundu wa nyota, kama alama ya kuuliza iliyopinduliwa. Ya tatu ni Prosioni, iliyo angavu kuliko zote hizo, juu ya Polaksi, karibu zaidi na utosi. Nyota hizi zote zinaonekana hata ukiwa barabara ya nane katikati ya taa za vibanda vya chipsi.

Ndani ya fremu hiyo kwa mtazamo wa kwanza hamna kitu. Ni uwazi. Mtu wa kawaida angesema anga limekwisha hapo.

Nilianza na Tarfu kwa sababu ndiyo angavu kuliko zote tano. Nyoosha mkono, kunja ngumi: mapana ya ngumi hiyo ni nyuzi 10. Kutoka Prosioni pima ngumi moja kuelekea Regulasi, ukiinamia kidogo upande wa miguu yako, yaani kaskazini. Tarfu iko hapo, peke yake, haina jirani. Nilipotazama moja kwa moja, ilikuja na kupotea. Nilipopeleka jicho kando kidogo, ikasimama.

Hiki ndicho kiini cha somo zima, nitaeleza taratibu. Katikati ya jicho, pale tunapotumia kusoma, pamejaa seli zinazopenda mwanga mwingi. Zile za gizani hazipo katikati, zimejazana pembeni. Kwa hiyo ukikodolea macho nyota hafifu, unaiangushia mahali ambapo jicho lako ni zito. Ukitazama kama ngumi moja kando yake, huku akili ikibaki kwenye nyota, unaiangushia mahali penye wepesi. Ni kama unavyomtazama mtu darasani bila yeye kujua. Mara ya kwanza ni vigumu, jicho linataka kurudi katikati lenyewe. Fanya mazoezi na Tarfu mpaka uizoee, kwa sababu zinazofuata bila hivyo huzipati. Tumia macho yote mawili, kwa kuwa kila jicho lina doa moja lisiloona upande wa nje, na jicho la pili ndilo linaloliziba. Hata kichwa ukikitikisa polepole sana kinasaidia, maana pembeni mwa jicho ni hodari wa kuhisi kitu kinachosogea.

Baada ya Tarfu nilikwenda kwa Punda wa Kusini. Vuta mstari wa kufikirika kutoka Polaksi mpaka Regulasi. Uende juu yake karibu na katikati, ila ubaki upande wa Polaksi kidogo, kisha upande mapana ya vidole viwili kuelekea utosini. Hapo nilikaa dakika nne nzima nikizungusha jicho kando, kisha ikatoka, chembe ndogo, ikakaa sekunde tatu, ikaondoka, ikarudi palepale. Nyota hii ni hafifu kuliko Polaksi mara 13 hivi, na bado nilikuwa naiona nikiwa na jirani anayekaanga samaki nyuma ya ukuta.

Jina la punda lina hadithi. Wagiriki wa kale waliona punda wawili, wa kaskazini na wa kusini, na katikati yao hori la kulishia. Hori hilo kwenye giza ni wingu dogo la mwanga, na mwaka 1610 Galileo aliandika kwamba kwa darubini yake si wingu bali ni nyota ndogo zaidi ya arobaini. Wagiriki walilitumia kama dalili ya hali ya hewa: hori likitoweka na punda wakabaki, walisema dhoruba inakuja, kwa sababu utando mwembamba wa mawingu huficha kitu kilichosambaa kabla ya kuficha nyota. Mng'ao wa taa unafanya kazi hiyo hiyo. Uani kwa bibi hori halipo, sijaliona hata siku moja, na punda amebaki mmoja. Mgiriki akiletwa Ngamiani angetuambia tuanue nguo.

Wakazi wa mwambao nao walilihesabu eneo hili kwa njia nyingine. Katika elimu ya falaki iliyotoka kwa Waarabu, njia ya mwezi imegawanywa vituo 28. Hori na punda wake ni kituo cha nane, Nathra, na cha tisa ni Tarfu, jicho la simba. Kwa maana hiyo nyota hizi hafifu zilikuwa na kazi, na aliyezitumia alizitazama kwa jicho tupu.

Nyota ya mguuni iko upande wa miguu yako, ngumi moja kutoka kwa Punda wa Kusini. Hiyo niliipata usiku huo, ila kwa shida, kama mara tatu katika dakika kumi. Akubensi, iliyo upande wa utosini kulia kwa Punda, sikuipata mpaka siku tatu baadaye, mvua ilipoosha hewa. Punda wa Kaskazini hakutokea kabisa, na sitegemei atokee. Namba 4.7 uani kwetu haipo, nijifunike kanga ngapi.

Ukiziunganisha, unapata herufi Y. Na hapa kuna jambo ambalo mwalimu mtarajiwa alitie akilini. Ramani karibu zote zinachorwa kaskazini ikiwa juu, na mtu wa Ulaya anamwona Kaa kama Y iliyopinduliwa kichwa chini. Kwetu, ukitazama kaskazini, Y inasimama wima: mguu chini, Punda katikati, Tarfu tawi la kushoto, Akubensi tawi la kulia. Mwanafunzi akipewa picha ya kitabu bila kuambiwa aigeuze, atatafuta kitu ambacho hakipo na ataamini hana macho.

Limebaki swali gumu kuliko yote: umejuaje kama umeona kweli, au umekumbuka ramani tu? Jicho gizani ni tapeli. Ukijua nyota inatakiwa iwe wapi, litakutengenezea. Nilijiwekea masharti mawili. La kwanza, nyota ihesabiwe tu ikitokea palepale mara tatu, na kila mara niwe nimeondoa macho kabisa katikati. La pili, kwa kila mahali ninapotafuta, nichague mahali pengine patupu ambapo najua ramani haina kitu, nipatazame kwa muda uleule. Kama napo "naona" nyota, basi macho yamechoka na usiku huo nafunga daftari. Usiku mmoja ilitokea hivyo, baada ya saa moja na nusu ya kukodoa. Nikaenda kulala.

Kisha nikamleta mdogo wangu wa kidato cha tatu. Yeye haamini kitu mpaka akione, na alikuwa ameshaniambia kwamba mambo ya makundinyota ni watu wa zamani walikuwa hawana televisheni. Sikumwonyesha ramani. Nikamfunika kanga (alilalamika sana kuhusu kanga), nikamwachia dakika 20, nikamwambia: kati ya ile angavu pale na ile pale, kuna kitu au hamna?

Akasema, "Kipo kikundi. Vidogo vidogo, kama vinne, vimebanana."

Akaelekeza kidole. Nikajua alichokiona si Kaa. Kilikuwa kichwa cha Nyoka wa Maji, kikundi kidogo kilicho ngumi mbili kutoka Prosioni, karibu juu ya mstari wa Prosioni na Regulasi. Nyota zake mbili ni angavu kuliko yoyote ya Kaa, moja 3.1 na nyingine 3.4, kwa hiyo ndizo zinazotoka mwanzo. Nadhani watu wengi wanaosema wamemwona Kaa mjini wanamaanisha hicho kichwa. Kuwatofautisha ni rahisi ukijua: kichwa cha Nyoka kimebanana, kinafunikwa na vidole vitatu, na kiko kwenye mstari wa Prosioni. Kaa ametawanyika, mkono mzima haumfuniki, na katikati yake pako kwenye mstari wa Polaksi. Kuna tahadhari nyingine pia. Ukiona nyota angavu sana imekaa ndani ya Y, hiyo ni sayari, ama Mshtarii, ama Zohali, ama Mirihi. Zinapita njia hiyo hiyo ya mwezi, na mwaka ambao mojawapo imekaa hapo, mwanga wake utakusumbua kama balbu ya jirani.

Nikamwambia mdogo wangu asogee ngumi moja kutoka Prosioni, upande wowote anaotaka, aniambie akikuta kitu. Sikumtajia upande. Alizunguka kama dakika sita, amekaa kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hapa," akasema. "Ukiitazama inakimbia."

Ilikuwa Tarfu, upande sahihi, kimo sahihi. Maneno yale ya kwamba inakimbia ukiitazama ndiyo yaliyonihakikishia kuliko kidole chake, kwa sababu sikuwa nimemweleza habari za kutazama kando. Mtu anayebuni nyota huwa anaiona vizuri anapoikodolea.

Bibi alitoka kuchota maji, akatuuliza tunatafuta nini. Nikamwelekeza, akatazama kidogo, akasema macho yake siku hizi yanaishia kwenye Kilimia, na Kilimia chenyewe muda ule kilikuwa kinashuka magharibi nyuma ya mapaa. Akasema zamani uani hapa hapa ungeweza kuziona zote bila kujifunika kitu. Kisha akatuambia tukimaliza tuwashe taa ya jikoni, maana paka wa jirani ameshazoea.

Nimeandika kwenye daftari langu la maandalio kazi moja ya nyumbani kwa ajili ya kidato cha nne, ya mwezi wa tatu: wakae uani au barazani, wazime taa ya kwao, wajifunike, wasubiri dakika 20, waitafute Tarfu ngumi moja kutoka Prosioni bila kuambiwa upande, walete mchoro. Atakayeleta mchoro mtupu na kuandika "sikuona" atapata alama zake, mradi aandike saa, hali ya mawingu, na taa ipi ilimpiga usoni. Ikifika katikati ya mwezi wa nne kazi hiyo haifai tena. Masika yanakuwa yameanza, na Kaa anafika kilele mapema, anga bado halijaiva, kisha anaelekea magharibi kwenye moshi wa majiko.